Ile hotuba ya kipandauso

Shoga yangu,

Uliponipigia kuniuliza hotuba ilikwendaje nilikujibu "salama" nikakata, kwa sababu sauti yako ilikuwa inanigonga kichwani kama nyundo. Leo nimeamka mzima, acha nikusimulie.

Ofisini walitenga siku ya kuzungumzia maradhi yasiyoonekana, nikapewa kipandauso changu. Nilianza na kitu walichokiona wenyewe: kile kikao cha bajeti nilipokuwa nasoma tarakimu, mara nikanyamaza. Walidhani sikujiandaa. Nikawaambia kwamba katikati ya karatasi palizuka doa likameza tarakimu, na ukingoni mwake pakawa panameta mstari kama meno ya msumeno, unatanuka polepole. Hapo kichwa kilikuwa hakijauma hata kidogo. Kwangu doa hukaa kama dakika 20, ndipo upande mmoja uanze kupwita na moyo kuchafuka.

Dakika hizo, nikawaambia, ndizo za kuniwahisha kwenye giza, dawa ikiwa mkononi, niimeze maumivu yakianza tu. Nikichelewa, tumbo linazubaa. Kidonge kinakaa humo bila kufanya kazi, au nakitapika. Siku ile ya kikao kila mtu alinisaidia kivyake. Mmoja alileta maji, mwingine akanipaka dawa ya kuchua karibu na pua (harufu ile, shoga, ndiyo iliyonimaliza), wa tatu akasisitiza ni macho, nikapime miwani. Nameza kidonge, saa nzima imeshapita. Nililala siku mbili.

Kwa hiyo nikaomba jambo dogo. Waniulize neno moja tu, "Kimeanza?" Nikiinua mkono, mmoja apokee kazi niliyoishika, mwingine anipeleke stoo ya mafaili, azime taa, aniachie ndoo, afunge mlango. Funguo za gari wazikalie.

Kijana mmoja akauliza kwa nini nisimeze panadoli kila asubuhi nijikinge. Swali zuri, maana na mimi niliwahi kujitibu hivyo. Panadoli ukiimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi ikapita, yenyewe inageuka kuwa chanzo cha maumivu. Ndiyo maana kila kidonge nakiwekea alama kwenye kalenda. Dawa za kuzuia zipo, ila ni nyingine kabisa, na baadhi ni hizohizo za presha. Huandikwa na daktari.

Mama mmoja wa uhasibu akasema, "Na kesho yake unavyokuja umepoa, hujibu salamu! Tulijua unatununia." Watu wakacheka, nami pia. Nikamweleza kwamba maumivu yakiondoka huacha uchovu na akili nzito siku nzima. Namsikia, ila jibu ndiyo linachelewa.

Jumatatu nimekuta taa ya juu ya meza yangu, ile iliyokuwa ikipepesa tangu mwaka jana, imebadilishwa. Hakuna aliyejitaja.

Jumamosi nakuja kwako. Tafadhali, udi usichome.

Wako wa siku zote