Malalamiko kuhusu jedwali la nozeli lililotafsiriwa kutoka Kijerumani

Kwa Meneja wa Huduma za Tafsiri,

YAH: JEDWALI LA NOZELI ZA KUNYUNYIZIA DAWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni msimamizi wa pembejeo katika chama cha ushirika cha wakulima. Tuliwapa jedwali la mtengenezaji mlitafsiri kwa Kiswahili, na sasa siwezi kulikabidhi kwa dereva yeyote wa trekta.

Kosa kubwa ni la kipimo. Safu ya mwisho ilikuwa „l/ha“, yaani lita kwa hekta. Mfasiri wenu ameandika „lita kwa ekari“, nadhani kwa kuwa wakulima wetu huhesabu kwa ekari, lakini tarakimu ameziacha zilivyokuwa. Nozeli ya bluu, namba 03, kwa bar 3 hutoa lita 1.18 kwa dakika. Zikipangwa sentimita 50 na trekta likienda kilomita 6 kwa saa, hesabu ni hii:

```
1.18 × 600 ÷ (6 × 0.5) = 236 l/ha
```

Kwa ekari hiyo ni kama lita 96, siyo 236. Mkulima mwenye tangi la lita 600 akiamini jedwali lenu atatia dawa ya ekari mbili na nusu, kisha tangi hilo litamaliza zaidi ya ekari sita. Magugu yatapata kama asilimia 60 pungufu ya kipimo, yatabaki hai, naye atailaumu dawa. Ama mwache hekta, ama mbadilishe jina la kipimo pamoja na kila namba iliyo chini yake.

Koma nazo zimetoweka. Kwa Kijerumani koma ndiyo hutenga desimali, kwetu ni nukta, „1,18“ ilipaswa kuwa 1.18, nanyi mmeandika 118. Hakuna nozeli ya shambani inayomwaga lita 118 kwa dakika, na mhakiki aliyewahi kuona bomba likifanya kazi angelishtukia hilo mara moja.

Namba „015“ ya nozeli ya kijani imekuwa 15, kwa sababu lahajedwali hufuta sifuri ya mwanzo lisipoambiwa kuwa hayo ni maandishi. Nozeli 15 ipo, nayo hutoa mara kumi ya 015. Aidha, rangi iliyoandikwa mara moja kwa mistari mitatu ya mgandamizo imebaki kwenye mstari mmoja tu, na mistari ikapangwa upya. Ya bar 2 na bar 4 haina mwenyewe.

Naomba jedwali lirudiwe bila malipo, mistari ikiwa na mpangilio wa asili, na mtu mwingine alinganishe kila seli na nakala ya Kijerumani kabla ya kulituma. Ikiwa hamwezi kufanya hivyo kabla ya msimu wa kupalilia, turudishieni fedha zetu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Msimamizi wa Pembejeo