Neema ya miezi 42 na deni la milioni 8.7

Mhariri,

Nianze na aibu yangu, malalamiko yafuate. Nimekaa miaka mingi kwenye dawati la hesabu la chama cha ushirika hapa Kigoma, na riba nimezipiga kwa kalamu tangu kabla kompyuta hazijatufikia. Pamoja na hayo, Septemba 2021 nilitia saini udhamini wa mkopo wa masomo wa mpwa wangu bila kufika ukurasa wa nne wa mkataba. Dada yangu alikuwa amesimama pembeni, basi la saa nane halisubiri mtu, na afisa mikopo alikuwa kijana mwenye lugha tamu. Alitwambia, "Mzee, hapa hakuna presha. Mtoto anasoma, anamaliza, anapewa na miezi sita ya kutafuta kazi. Hicho ndicho kipindi cha neema."

Neno hilo ndilo lililotumaliza. Dada yangu anauza dagaa Kibirizi, na kwake neema ni boti zimerudi zimejaa. Ukimwambia mkopo una miezi 42 ya neema, yaani miaka mitatu ya masomo na ile miezi sita ya kutafuta kazi, ataelewa kwamba kwa miezi hiyo deni limelala. Nami nilielewa hivyohivyo, au tuseme sikutaka kuelewa vinginevyo. Isitoshe, mwaka huohuo redio zilikuwa zimetangaza kufutwa kwa ile asilimia 6 ya kulinda thamani kwenye mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Serikali, na mitaani ikawa habari kwamba mikopo ya wanafunzi haina riba tena. Mkopo wetu haukuwa wa Bodi. Ulitoka kwa mkopeshaji binafsi, ambaye sitamtaja kwa sababu sina ushahidi kwamba alivunja mkataba. Aliufuata neno kwa neno.

Mkopo wenyewe ulikuwa hivi. Binti alikwenda kusomea famasia Tabora kwa miaka mitatu. Kila Oktoba, kuanzia 2021, mkopeshaji alilipa chuo shilingi 2,000,000, jumla 6,000,000. Riba ilikuwa asilimia 18 kwa mwaka, yaani moja na nusu kwa mwezi. Marejesho yangeanza Aprili 2025 na kwenda miezi 36, kwa riba ya salio linalopungua.

Aprili ikafika. Binti alikuwa ameshapata kazi kwenye duka la dawa mjini, mshahara unaobaki mkononi 480,000. Alikuja kwangu Ujiji jioni na simu yake, taarifa ya mkopo iko kwenye kioo. "Mjomba, hebu soma hapa. Msingi wameandika milioni nane na laki saba. Mimi nilikopa sita." Rejesho la kwanza lilikuwa 314,526. Katika hilo, riba peke yake ilikuwa 130,500.

Nilichukua karatasi. Milioni mbili za kwanza zilikuwa zimekaa miezi 42, na kila mwezi zilizaa riba ya 30,000. Za pili zilikaa miezi 30, za tatu miezi 18. Ukijumlisha unapata 2,700,000 kamili. Hakuna aliyedai riba hiyo tulipokuwa kwenye neema, lakini ilikuwa inaandikwa kila mwezi mahali pake. Siku ya mwisho ya Machi waliichukua yote, wakaipandisha juu ya msingi, na kuanzia asubuhi iliyofuata ikaitwa msingi nayo. Ukurasa wa nne ulisema hivyo hasa, kwa Kiingereza: riba isiyolipwa hadi mwisho wa kipindi cha neema itaongezwa kwenye deni la msingi. Sentensi moja, mstari na nusu.

Watu wengi wakifika hapa hulalamikia hiyo 2,700,000. Mimi siilalamikii. Fedha ilitumika miezi 42, riba yake ni hiyo, na ingedaiwa kwa njia yoyote. Kinachouma ni kwamba baada ya kupandishwa, hiyo 2,700,000 nayo ilianza kuzaa. Rudi kwenye rejesho la kwanza: kati ya ile riba ya 130,500, shilingi 90,000 ni ya milioni sita tulizokopa, na 40,500 ni riba ya riba. Mwezi unaofuata inapungua kidogo, lakini haiondoki hadi deni liishe. Kama msingi ungebaki milioni sita, rejesho lingekuwa kama 216,900. Tofauti ni zaidi ya 97,600 kwa mwezi, na kwa miezi 36 inafika takriban 3,514,000. Kwa hiyo riba ya 2,700,000 ambayo hatukuilipa kwenye neema inalipwa kwa 3,514,000, na hizo laki nane na ushee za juu ndizo bei halisi ya kukaa kimya.

Je, tungeweza kuilipa? Hapa ndipo nilipokosa usingizi, maana jibu ni ndiyo. Mwaka wa kwanza riba ilikuwa 30,000 kwa mwezi, wa pili 60,000, na tangu Oktoba 2023 ni 90,000. Dada yangu wakati wa giza, boti zinapoingia na dagaa, 30,000 anaitoa bila kuhesabu mara mbili. Mbalamwezi ikikolea wavuvi wanalaza taa, na yeye anakaa wiki nzima akikunja magunia matupu, hapo hata 10,000 ni shida. Lakini kwa mkopo kama wetu kuruka mwezi kusingekuwa kitu, na sababu yake naomba niieleze taratibu, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya niandike.

Kuna wakopeshaji, kama huyu wetu, wanaopandisha riba kwenye msingi mara moja tu, siku neema inapoisha. Kabla ya siku hiyo riba isiyolipwa imelala tu, haizai. Ukiilipa mwezi wa tatu au mwezi wa arobaini, deni litatoka sawa. Mtu wa dagaa, au wa michikichi anayesubiri msimu wa mawese, anaweza kuiweka fedha hiyo kwenye kikoba chake ikamzalia gawio, kisha akaitoa yote wiki ya mwisho kabla ya neema kufungwa. Na mtoto akiugua katikati, fedha iko karibu.

Wengine wanapandisha kila mwezi. Huko riba ya Oktoba inaanza kuzaa Novemba, na mbalamwezi moja usiyolipa inakufuata miaka. Nimepiga hesabu ya mkopo wetu kwa njia hiyo: milioni zilezile sita, asilimia ileile, miezi ileile 42, na deni lingeanza marejesho likiwa karibu 9,478,500 badala ya 8,700,000. Tofauti ya zaidi ya laki saba na nusu inatoka kwenye neno moja la mkataba. Mzazi mwenye mkopo wa namna hii ya pili asiweke kitu kikoba. Apeleke mwezi kwa mwezi, hata kama ni nusu.

Namna ya kujua uko wapi ni rahisi kuliko kusoma mkataba wote. Omba taarifa ya mkopo mwezi wa nne au wa tano wa neema, mkopo ukiwa bado haujaongezwa awamu nyingine. Tazama riba ya kila mwezi. Kama ni 30,000, 30,000, 30,000, haijapanda. Kama ni 30,000, kisha 30,450, kisha 30,907, basi inapanda kila mwezi, hata kama afisa amekwambia vingine. Taarifa hiyo ni haki ya mkopaji, na Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha zinamtaka mkopeshaji aeleze masharti wazi kabla ya saini. Sisi tulielezwa neema. Siku riba itakapopanda haikutajwa, na sikuiuliza.

Ombi langu kwa wakopeshaji kupitia gazeti lako si kubwa. Siombi wafute riba. Naomba kwenye karatasi ya ofa, ukurasa wa kwanza, kwa Kiswahili, ziandikwe tarakimu mbili: unachukua milioni sita, na usipolipa riba wakati wa masomo utaanza marejesho ukidaiwa milioni nane na laki saba. Mashine yao inazijua tarakimu hizo tangu siku ya kwanza, maana jedwali la marejesho haliwezi kutoka bila hizo. Na hilo neno neema walitafutie jina jingine. Kuahirisha marejesho kuitwe kuahirisha marejesho.

Nitaje na jambo moja lililotupata baadaye, kwa faida ya aliyekwisha kupandishiwa riba kama sisi. Binti alilipa marejesho matatu kwa taabu. Julai 2025 dada yangu alivunja kikoba, tukachanga shilingi 1,000,000 ili tupunguze msingi. Tulilipa kwa simu kama kawaida. Wiki mbili baadaye naangalia taarifa: salio la msingi halijaguswa. Milioni yetu ilikuwa imeandikwa kama marejesho yaliyolipwa mbele, Julai, Agosti, Septemba na chenji kidogo, huku riba ikiendelea kukatwa kwenye salio lilelile la zaidi ya milioni nane. Mfumo ndivyo unavyofanya usipoambiwa kitu.

Nilimtuma binti na barua yenye mistari miwili: fedha hii ni ya kupunguza deni la msingi, na tunaomba jedwali jipya. Walimzungusha siku mbili, mara meneja hayupo, mara fomu imekwisha. Siku ya tatu nilikwenda mwenyewe na fimbo yangu, nikakaa kwenye benchi mpaka saa tisa. Msingi ulishuka kutoka kama 8,139,600 hadi 7,139,600, na rejesho kutoka 314,526 hadi 275,900 kwa miezi 33 iliyobaki. Walitupa uchaguzi wa pili, tubakize rejesho la zamani na deni liishe mapema, na kwa hesabu ndio uliokuwa nafuu zaidi. Binti alikataa. Alisema, "Mjomba, nauli ya kazini nitaitoa wapi?" Sikuwa na jibu, tukachukua rejesho dogo.

Karani mstaafu na mdhamini,
Ujiji, Kigoma