Hongereni kwa kitufe cha kulipa

Dada Rehema,

Salamu nyingi kutoka upande huu wa Hesabu. Watoto hawajambo? Kwetu tu wazima, kazi tu ndiyo imetushika tangu mwisho wa mwezi.

Nimekuandikia kwanza kuwapa hongera, wewe na vijana wako wote. Kitufe cha M-Pesa kimeanza kazi kwenye malori ya mkate, na madereva wamekikubali. Ukimjua Mzee Kombo utaelewa hilo si jambo dogo. Mkutanoni watu walisifu rangi na kasi. Mimi nataka kuwasifu kwa kitu ambacho hakuna aliyekitaja, kwa sababu ndicho kinachoamua kama daftari zetu zitalala safi au la: mmezitenganisha zile sifuri mbili.

Wengi huanguka hapo. Seva ikituma ombi la STK Push kupitia Daraja, mlango wa Safaricom wa programu kuingia M-Pesa, jibu la kwanza hurudi haraka na `ResponseCode` ya 0. Sifuri hiyo maana yake ni kwamba ombi limepokelewa, basi. Mwenye duka bado hata hajaona dirisha la namba ya siri. Malipo yenyewe huthibitishwa na jibu la pili, linaloletwa baadaye kwenye anwani yetu likiwa na `ResultCode`. Hiyo ikiwa 0, ndipo pesa imeingia. Programu inayoandika "Imelipwa" kwa sifuri ya kwanza inagawa mkate bure. Yenu inaandika "Inasubiri" na kreti zinabaki ndani ya lori. Na mwenye duka akighairi, jibu huja na 1032 bila sehemu ya `CallbackMetadata`, yaani hamna kiasi wala risiti. Nimefurahi kuona programu haizimiki ikikosa sehemu hiyo. Mwambie Kadzo nimeona, najua ni kazi yake.

Sasa lile lililonifanya nikae niandike barua nzima badala ya kukupigia simu.

Chukua duka linalochukua kreti 6, mikate 120 kwa shilingi 60, jumla 7,200. Dereva anatuma ombi, mwenye duka anaweka namba ya siri, ujumbe wa M-Pesa unaingia kwenye simu yake na risiti. Lakini dakika ileile seva yetu ilikuwa inawashwa upya, kwa hiyo jibu la pili halikutufikia. Kwa dereva bado ni "Inasubiri". Dereva yeyote mwenye haraka atabonyeza tena. Hapo linazaliwa ombi jipya lenye `CheckoutRequestID` yake, dirisha jipya linatokea, na mwenye duka mwenye usingizi analipa 7,200 nyingine.

Nyinyi mna kinga kwenye hifadhidata, ule mstari Mwalimu alionionyesha:

```sql
ALTER TABLE malipo
  ADD CONSTRAINT risiti_moja UNIQUE (risiti_mpesa);
```

Ni mstari mzuri na usiondolewe kamwe. Lakini kazi yake ni kuzuia jibu lilelile lisiingizwe mara mbili. Maombi mawili yana risiti mbili tofauti, na zote zitapita hapo bila kuguswa. Kinachookoa hapa ni ile kufuli ya kitufe: oda yenye ombi linalosubiri haikubali ombi jingine mpaka mfumo uulize Daraja hali ya lile la kwanza, kwa `CheckoutRequestID` ileile, na upate jibu la mwisho la kushindwa. Tafadhali, madereva wakilalamika kwamba kitufe "kimeganda", msiilegeze. Waambieni sababu. Najua shinikizo litakuja, tena litatoka idara ya Mauzo, lakini kurudisha 7,200 ya mtu ni simu nyingi na aibu zaidi.

Kutoka hapo ndipo penye ombi langu. Mkiuliza hali ya malipo kwa njia hiyo, mnaambiwa kama yamefaulu, lakini namba ya risiti hairudi pamoja na jibu. Kwa dereva inatosha, ashushe mkate aende. Kwetu asubuhi tunakuta oda imefungwa na sehemu ya risiti ni tupu, na taarifa ya Paybill ina risiti isiyo na mwenyewe. Duka mbili zikilipa 7,200 ndani ya muda mmoja, tunabaki kubahatisha. Naomba malipo ya namna hiyo yawe na hali yake, iitwe "Imelipwa, risiti bado", na itolewe orodha yake ya pekee kila alfajiri. Isichanganywe na zilizokamilika.

Na tutazilinganishaje? Kwa namba ya oda, kama mkiituma kwenye `AccountReference`, maana hiyo huonekana kwenye taarifa kama namba ya akaunti. Tatizo ni kwamba sehemu hiyo inabeba herufi 12 tu. Namba zetu za sasa, mfano NYL-20241101-0042, zina 17, na ndiyo maana naona mnatuma neno "MKATE" kwa kila duka. Neno moja kwa maduka yote halinisaidii chochote! Ifupisheni: njia, siku na mwezi, kisha namba ya oda. K07-0111-042 inatosha herufi 12 kamili na bado mtu anaisoma. Mwaka tutaujua kwenye taarifa.

Jambo la pili ni dogo ila linauma mwisho wa mwezi. `TransactionDate` huja kwa saa za hapa kwetu, mfano 20241101014000, yaani saa saba na dakika arobaini usiku wa tarehe 1 Novemba. Ripoti yenu inahesabu siku kwa saa ya seva, ambayo iko nyuma saa tatu, kwa hiyo malipo hayo yanasomeka 31 Oktoba. Kampuni nyingine isingejali, lakini malori yetu hutoka usiku, na maduka ya stendi hulipa kabla ya saa tisa. Kila malipo kati ya saa sita na saa tisa usiku yanaangukia siku iliyopita. Ukitaka kulitambua, linganisha ripoti na taarifa kwa malipo ya saa hizo: yanayokosekana kwenye ripoti ya leo ndiyo yaleyale yaliyozidi kwenye ya jana. Pesa haijapotea, imekaa siku isiyo yake. Seva ibaki na saa yake, ila ripoti ikate siku kwa `Africa/Nairobi`.

Nimeona pia Huduma kwa Wateja hawajapewa maelezo ya maana ya "Inasubiri", lakini hilo nitamwambia Mama Salma mwenyewe, usijitwishe.

Sasa nijibu. Hiyo orodha ya risiti tupu inaweza kupatikana kabla ya mwisho wa mwezi, au mmebanwa na njia za Malindi? Mfumo ukishauliza hali mara ngapi bila jibu ndipo unamwita mtu? Usiku anayeitwa ni nani, na analipwa kwa kuamka? Kama hamna fungu hilo niambie mapema, bajeti bado iko wazi na nitaitetea. Na jibu likitufikia kutoka kwa mtu aliyeijua tu anwani yetu, si kutoka Daraja, mnaliuliza upya kabla kreti hazijashuka? Je, Kadzo amepumzika hata siku moja?

Wasalimie wote chumba kizima.

Mwenzako,
wa Hesabu