Mkataba wa fremu: nani afanye nini, na lini?

Wapangaji wengi wa fremu hapa Mwanga, Kigoma, hutuletea mkataba wakiwa wameshausaini, ndipo wanauliza: "Sasa mimi natakiwa kufanya nini?" Sisi huugeuza mkataba huo kuwa orodha mbili, ya mpangaji na ya mwenye fremu. Kila mstari una jukumu moja, tarehe yake na namba ya kifungu lilikotoka.

Chukua mfano wa kifungu cha 4 katika mkataba unaoanza tarehe 1 Julai 2025, kodi ikiwa shilingi 150,000 kwa mwezi:

"Kodi ya kila miezi sita italipwa na mpangaji siku 14 kabla ya kipindi kuanza, isipokuwa kama matengenezo ya kifungu cha 9 hayajakamilika; mpangaji akichelewa, mwenye fremu anaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya maandishi ya siku 30."

Kwa kipindi cha pili, orodha ya mpangaji inasomeka hivi:

☐ Lipa shilingi 900,000 ifikapo tarehe 18 Desemba 2025, ikiwa matengenezo ya kifungu cha 9 yamekamilika (kif. 4).

Na ya mwenye fremu:

☐ Ukitaka kuvunja mkataba kwa sababu ya kodi kuchelewa, kwanza toa notisi ya maandishi ya siku 30 (kif. 4).

Angalia neno "anaweza". Hiyo ni haki ya mwenye fremu, si wajibu, kwa hiyo hatuandiki "vunja mkataba". Akitaka kumvumilia mpangaji wake, ni hiari yake. Kilicho lazima ni ile notisi, na kumpigia simu tu hakutoshi. Hilo la "isipokuwa" nalo halikatwi ili mstari uwe mfupi, maana ndilo linalomlinda mpangaji ambaye paa bado linavuja.

Tatizo kubwa liko kifungu cha 9: "Paa litatengenezwa kabla ya mvua." Litatengenezwa na nani? Na mvua ya lini, wakati Kigoma zinaweza kuanza Oktoba au zikachelewa hadi Novemba? Hapo hatubahatishi, hata mteja akisema "inajulikana, ni kazi ya mwenye nyumba". Jukumu lisilo na mtu haliingii upande wowote. Tunaliweka chini kabisa kama swali, pande mbili zikubaliane jina na tarehe, kisha waandike nyongeza ya mkataba na kuisaini wote. Bila hivyo, Desemba mpangaji atazuia kodi akisubiri paa, na mwenye fremu ataandika notisi, kila mmoja akishika kifungu hichohicho cha 4.

Orodha yetu haichukui nafasi ya mkataba. Zikitofautiana, mkataba ndio unaofuatwa, na ubishi ukishaanza nenda kwa wakili. Ukija, leta kurasa zote pamoja na viambatisho. Ukija kabla ya kusaini ni nafuu zaidi, maana maswali kama lile la paa hurekebishwa ndani ya mkataba wenyewe.