Barua ya Malalamiko: Mfumo Wenu wa Hesabu Unachukua Kiwango cha Dola cha Zamani Kabisa

Idara ya Uhasibu,
Hoteli, Nungwi,
Unguja.

14 Januari 2026

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Programu za Uhasibu.

Ndugu Meneja,

YAH: MFUMO KUSOMA KIWANGO CHA KUBADILISHA FEDHA CHENYE TAREHE YA MWANZO BADALA YA TAREHE YA KARIBUNI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mfumo mliotuuzia unapogeuza ankara ya dola kuwa shilingi hauchukui kiwango kilichokuwa kikitumika siku ya ankara. Unachukua kile cha kwanza kabisa kuingizwa kwa sarafu hiyo, kisha unaking'ang'ania kwa ankara zote zinazofuata. Suala hili tulishaliripoti kwa simu na tukajibiwa kwamba mhasibu huenda hajahifadhi kiwango kipya. Kimehifadhiwa. Kinaonekana kwenye jedwali la viwango na tarehe yake ni sahihi, ila mfumo haukisomi.

Ili tusibishane juu ya kiwango cha benki ya nani, tulifanya jaribio kwenye nakala ya hifadhidata tukitumia namba za mviringo, si viwango vya soko. Tuliingiza viwango vitatu vya dola: 2,300 kuanzia 1 Januari 2025, 2,450 kuanzia 1 Juni na 2,600 kuanzia 1 Oktoba. Kisha tukatengeneza ankara ya dola 4,000 ya tarehe 14 Oktoba. Ilitakiwa isomeke shilingi 10,400,000. Ikasomeka 9,200,000, yaani dola 4,000 mara 2,300, kiwango cha Januari.

Halafu tukabadilisha kiwango cha Oktoba kutoka 2,600 kuwa 2,601, tukatengeneza ankara nyengine ya siku ile ile. Shilingi zilibaki 9,200,000. Tulipokirejesha na kubadilisha kile cha Januari kuwa 2,301, ankara mpya ya Oktoba ikapanda hadi 9,204,000. Hakuna jaribio jepesi kuliko hili, na mtu wenu wa huduma angeweza kulifanya huku bado yuko kwenye simu: gusa mstari wa zamani kwa shilingi moja, uone ankara za leo zinavyotikisika.

Kwa kuwa seva iko hapa hapa ofisini kwetu, fundi wetu wa mifumo aliwasha kumbukumbu ya maombi yanayopelekwa kwenye hifadhidata. Ombi linalotafuta kiwango ni hili:

```sql
SELECT rate FROM exchange_rate
WHERE from_ccy = 'USD' AND to_ccy = 'TZS'
  AND effective_date <= '2025-10-14'
ORDER BY effective_date
LIMIT 1;
```

Sharti la tarehe ni sahihi. Linabakisha viwango vyote ambavyo vilishaanza kutumika kufikia siku ya ankara, na kwenye jaribio letu vilibaki vyote vitatu. Kosa liko kwenye mpangilio. `ORDER BY` isipoambiwa vyengine hupanga kuanzia tarehe ndogo kwenda kubwa, hivyo `LIMIT 1` inakata mstari wa juu, ambao ndio mkongwe kuliko yote. Neno moja tu limesahauliwa, nalo ni `DESC`.

Ndiyo maana pia kosa hili halikuonekana wakati mnatufungia mfumo. Siku hiyo kila sarafu ilikuwa na kiwango kimoja, na kwenye orodha ya kitu kimoja cha zamani na cha karibuni ni kile kile. Jaribio lolote la mstari mmoja litafaulu. Dalili nyengine ni kwamba ukubwa wa kosa hautoshani kwa kila sarafu. Yuro tulianza kuitumia baadaye sana, kwa hiyo kiwango chake cha kwanza kiko karibu zaidi na cha sasa na tofauti yake ni ndogo. Msitafute hitilafu kwenye dola peke yake, kwani ombi ni moja kwa sarafu zote.

Kilichotuchelewesha kuligundua ni kwamba kosa linajificha lenyewe. Chukueni ankara ya dola 4,000 iliyotolewa 15 Juni na wakala wa nje akailipa kwa dola 14 Oktoba. Kwa viwango vile vile vya jaribio, ankara ingeingia kwa shilingi 9,800,000, malipo kwa 10,400,000, na shilingi 600,000 zingekwenda kwenye akaunti ya faida na hasara ya ubadilishaji. Kwenye mfumo wenu ankara imeingia kwa 9,200,000 na malipo yameingia kwa 9,200,000. Deni limefungwa, salio la wakala ni sifuri, na kila kitu kinaonekana kimekaa sawa. Hata ulinganisho wa akaunti ya benki unakubali, maana taarifa ya benki iko kwa dola na dola zenyewe hazijakosewa. Kilichokosewa ni thamani yake kwa shilingi, na hiyo hakuna karatasi ya nje inayokuja kuisuta.

Anayetaka kujua kama mfumo wake una ugonjwa huu na aitazame akaunti hiyo ya faida na hasara ya ubadilishaji. Hoteli inayopokea dola na yuro mwaka mzima, wakati shilingi inapanda na kushuka, haiwezi kufunga mwaka na akaunti hiyo ikiwa sifuri. Ya kwetu ni sifuri. Uthamini upya wa mwisho wa mwezi nao unatoka mtupu, kwa sababu unaita ombi lile lile. IAS 21 inataka madeni na fedha za kigeni zithaminiwe kwa kiwango cha siku ya kufunga hesabu. Mfumo unadai umefanya hivyo na unachapa ripoti yenye tarehe 31 Desemba, lakini kiwango kilichomo ni cha siku ya kwanza.

Madhara yasiyofutika kwa kurekebisha daftari ni ya kodi. Kodi ya ongezeko la thamani tunaipeleka Mamlaka ya Mapato Zanzibar kwa shilingi. Ikiwa dola 4,000 za mfano wa Oktoba ni thamani kabla ya kodi, na tuseme kodi ni asilimia 15, basi kwa kiwango sahihi cha dola kodi hiyo ni shilingi 1,560,000. Mfumo umekokotoa 1,380,000. Pungufu la shilingi 180,000 kwenye ankara moja litasomwa na mkaguzi kama mauzo yaliyofichwa, na jina litakaloitwa ni letu. Gharama za mizigo tunayoagiza nje nazo zimeandikwa chini ya thamani yake, kwa hiyo kwenye faida pande mbili zinapunguzana kidogo. Kwenye kodi ya mauzo hakuna cha kupunguzana.

Sasa tuje kwenye ushauri mliotupa. Tuliambiwa tukifungue kile kiwango cha kwanza na tuandike juu yake kiwango cha leo kila asubuhi. Hiyo ni funika kombe mwanaharamu apite. Ankara ya leo itatoka sawa, ndiyo, lakini ankara iliyochelewa kuingizwa ya mwezi uliopita itasoma kiwango cha leo, na kumbukumbu ya kiwango halisi cha siku ya mwanzo itakuwa imefutwa. Mkaguzi akiuliza kiwango fulani kilitoka wapi, hatutakuwa na cha kumwonyesha. Kufuta mistari ya zamani na kubakisha mmoja kuna ubaya ule ule. Hatutafanya lolote kati ya hayo.

Marekebisho sahihi ni haya:

```sql
  AND effective_date <= :doc_date
ORDER BY effective_date DESC, id DESC
LIMIT 1;
```

Tafadhali msiondoe sharti la `<=` kwa kudhani kwamba `DESC` inatosha. Bila sharti hilo ankara ya 15 Juni itachukua 2,600 ya Oktoba, na kiwango kilichoingizwa mapema kwa ajili ya kesho kitaanza kutumika leo. Wala msiligeuze kuwa `=`. Jumamosi na Jumapili hakuna kiwango kipya cha Benki Kuu, na wageni wanaondoka Jumapili kama siku nyengine. Ankara hiyo lazima ichukue cha Ijumaa. Ile `id DESC` ni kwa siku ambayo mhasibu amekosea kiwango asubuhi akaingiza kingine chenye tarehe hiyo hiyo. Bila hiyo hifadhidata inaweza kurudisha wowote kati ya mistari miwili. Na pale ambapo hakuna kiwango kabisa kabla ya tarehe ya ankara, mfumo usimame na useme hivyo, usijaze 1 wala kuchukua kilicho karibu.

Mkishaweka toleo jipya kwenye seva yetu tutalipima kwa ile ile nakala ya viwango vitatu. Ankara ya 31 Mei lazima isome 2,300, ya 1 Juni isome 2,450, ya 30 Septemba isome 2,450 bado, na ya 14 Oktoba isome 2,600. Ya 31 Desemba 2024 lazima ikataliwe. Siku za mpakani ndizo zinazofichua makosa, kwa hiyo jaribio la tarehe moja ya katikati ya mwezi hatutalipokea.

Kurekebisha ombi hakuponyi yaliyokwisha kuandikwa, na hapa ndipo tunapotaka kazi yenu zaidi. Kila ankara inahifadhi ndani yake kiwango kilichotumika siku ilipopitishwa. Toleo jipya halitazigusa, na halitakiwi kuzigusa kimya kimya, kwani hesabu za miezi hiyo zimefungwa na risiti za kodi zimeshatoka. Tunahitaji ripoti ya hati zote za fedha za kigeni tangu mfumo ulipowashwa, ikionyesha namba ya hati, tarehe, kiasi kwa sarafu yake, kiwango kilichotumika, kiwango kilichostahili na tofauti kwa shilingi. Malipo yawemo pamoja na ankara. Ikija na ankara peke yake haitatufaa, kwa sababu faida na hasara ya ubadilishaji hupatikana pale hizo mbili zinapokutana. Mawakala hawatapelekewa ankara mpya, maana dola walizodaiwa ni zile zile. Marekebisho yataingia kwa jarida kwenye daftari letu, na kodi iliyopungua tutaitangaza wenyewe kwa Mamlaka.

Tunaomba toleo lililorekebishwa ndani ya siku saba za kazi, na ripoti hiyo ndani ya siku kumi na nne. Pia tunaomba barua yenye saini yenu inayotaja kosa, toleo lilipoanzia na toleo lililolimaliza, ili tuiambatishe kwenye maelezo yetu ya kodi. Adhabu au riba itakayotozwa kwa sababu ya pungufu hilo tutaileta kwenu kwa madai chini ya mkataba wa huduma. Ada ya matengenezo ya robo hii imezuiwa hadi jaribio la tarehe tano hapo juu lipite.

Nakala ya hifadhidata ya majaribio na kumbukumbu za maombi vimeambatishwa.

Wenu katika kazi,

Mhasibu Mkuu
kwa niaba ya Idara ya Uhasibu

Nakala: Meneja Mkuu; Mkaguzi wa Ndani