Kikao cha Jumapili: bomba letu la Kadutu

Bamama na bapapa, jambo. Karatasi niliyoandikia juu ya goti inasema tu: «bomba – valvu – mafundi 2 – 40? – mbele ya Jmosi – tutasafisha mtaro». Ningeituma hivyo, kila mtu angesoma yake. Nimeipanga hivi:

*Uamuzi:* tunabadilisha valvu. Hatuifungi tena na kipande cha mpira.
*Kazi:* kuleta bei za mafundi wawili. *Mwenye kazi:* Papa anayeshika ufunguo, yeye peke yake. *Mwisho:* Ijumaa tarehe 13, saa kumi jioni. Mama mweka hazina naye atuambie siku hiyohiyo sanduku lina kiasi gani.

Ile «40?» sikuiweka kwenye uamuzi. Mtu alitaja dola 40, wengine wakanyamaza, na kunyamaza si kukubali. Inabaki swali mpaka bei zifike.

Mtaro ndio unaonisumbua. Niliandika «tutasafisha», bila jina wala siku, na hivyo ndivyo ulivyobaki na matope tangu kikao kilichopita. Nani anauchukua, na siku gani? Ajibu hapa kabla ya kesho jioni, nimwandike. Na kama nimeandika vibaya neno la mtu, anisahihishe leo.