Barua kwa mwanangu: mwandikie rafiki yako mapema

Mwanangu,

Umeniambia rafiki yako ana usaili kesho asubuhi, na hadi sasa hujamwandikia hata neno. Nakujua. Utangoja usiku wa manane, kisha umwage gazeti zima. Mwandikie sasa hivi, tafadhali. Simu ikimwamsha saa hizo hatalala tena, atabaki kujihoji mwenyewe kitandani.

Usimuulize kama amejiandaa. Kama hajajiandaa, muda umeshapita, utamtia kiwewe tu. Wala usimwandikie "najua utaipata". Kazi hiyo hugawi wewe, na akiikosa ataona haya hata kukupigia.

Mpe kitu kimoja cha kuingia nacho. Yule binti ni mchapakazi, lakini akisimulia kazi yake kila kitu ni "tulifanya, tukarekebisha". Wasaili wengi huwa na karatasi ya alama mbele yao, na wanatafuta alichofanya yeye. Akisema "tulirekebisha", hawajui wampe alama ya nini.

Mkumbushe yale ya ghala. Vitabu vilionyesha mzigo mwingi kuliko uliokuwepo, watu wakaanza kunong'ona habari za wizi. Ni yeye aliyekaa na ankara na hati za kupokelea mizigo, akazilinganisha moja moja, akaona mizigo mingine imeandikwa mara mbili: ilipofika, na tena ankara ilipokuja. Wakimtaka aeleze tatizo alilowahi kulitatua, jibu ni hilo: hali ilikuwaje, yeye alifanya nini, mwisho ikawaje. Watu hukwama hapo katikati. Husimulia tatizo kwa kirefu, wakifika kwenye kazi yao wenyewe wanapita mbio.

Basi mwandikie hivi, isizidi:

"Kesho wakikuuliza juu ya tatizo ulilotatua, waambie lile la ankara. Wewe ndiye uliyeligundua, kwa hiyo sema 'nililinganisha', usiseme 'tulilinganisha'. Usinijibu, lala."

Hilo la "usinijibu" usilifute. Ujumbe unaodai jibu ni kazi nyingine unampa. Asipojibu usinune, maana wewe una mtindo wa kuchungulia kama umesomwa. Moyo wako ni mzuri, na hapo najivuna nawe. Pupa yako ndiyo inayonitia wasiwasi. Kesho pia usimpigie kuuliza "vipi?" akiwa ndio kwanza anatoka mlangoni. Akitaka kusema atasema.

Bomba la jikoni linavuja tena. Baba yako amelifunga kitambaa na anasema limepona. Bisibisi yangu unayo wewe, ile ya mpini mwekundu, na usiniambie hujui iliko. Uje nayo.

Umeshamwandikia? Mimi utanijibu baadaye.

Mama yako